OFDM: kwa nini mkia unakiliwa mbele
"Katika OFDM, yaani kutuma data kwa vibebaji vidogo vingi kwa pamoja, kwa nini tunakili mkia wa alama, kipande kimoja cha mawimbi chenye data, mbele yake? Si tungeacha kimya tu?"

Aliyejibu kuwa ni nafasi ya kumeza mwangwi, yaani nakala ya mawimbi inayofika kwa kuchelewa, kapata nusu. Chukua waifai ya megahezi 20. Kwa kibebaji kimoja, alama hudumu mikrosekunde 0.05, hivyo mwangwi uliochelewa 0.2 huangukia alama ya nne inayofuata. Kwa vibebaji vidogo 64, alama hudumu 3.2, mwangwi uleule hugusa mwanzo tu. Kimya kingezuia alama kugongana, ila mwangwi ungeingia umekatwa katika dirisha la 3.2 analosoma mpokeaji, vibebaji vianze kuingiliana. Mkia wa 0.8 huufanya ujaze dirisha kwa mizunguko kamili, basi kila kibebaji hubadilika ukubwa na awamu tu. Mwangwi ukichelewa zaidi ya hapo, yaani mita 240 za njia ya ziada, makosa hurudi hata mawimbi yakiwa na nguvu.