Rudisha zawadi ya msambazaji, lakini ankara yake isichelewe

Juzi msomaji mmoja, ofisa ununuzi kama mimi, ameniandikia. Msambazaji amemletea simu mpya wakati mkataba wake unakaribia kuhuishwa. Anataka kuirudisha, ila anaogopa kumpoteza mtu anayeleta mzigo kwa wakati.

Hili limenikuta. Mwakilishi wa kampuni iliyokuwa ikituletea vifungashio aliniachia mfuko wa sampuli. Nilipozitoa, nikakuta boksi la simu chini kabisa, halijafunguliwa, na kikaratasi: "Asante kwa ushirikiano." Sikulifungua. Nilimwita bosi wangu akalione lilivyo, tukaliandika kwenye rejista ya zawadi: tarehe, aliyeleta, kitu chenyewe, thamani ya kukadiria na hatua tuliyochukua. Ukirudisha kimyakimya, siku mtu akidai ulipokea huna cha kuonyesha.

Kisha nikampigia simu mwakilishi huyo kabla ya kumwandikia chochote, maana barua ikitangulia mtu huhisi ameshtakiwa. Nikamwambia: "Kaka, nashukuru kwa kunikumbuka. Utaratibu wetu hauruhusu kupokea kitu kwa msambazaji, hasa mkataba ukiwa mezani. Simu nairudisha leo, na kazi yetu inaendelea kama kawaida." Sikumuuliza alikuwa na nia gani. Baada ya hapo nikatuma barua pepe fupi yenye maneno yaleyale, nakala kwa bosi. Boksi lilipelekwa na dereva wa ofisi hadi mapokezi ya kampuni yao, likasainiwa kwenye hati ya makabidhiano. Kumrudishia mkononi kwenye maegesho ya magari kungebaki neno langu dhidi ya lake.

Wenzangu wawili walisema ninajifanya mtakatifu. Iliniuma, na bado inaniuma, lakini ninajivunia nilichofanya.

Wengi huharibu uhusiano baada ya kurudisha. Anayeona aibu huanza kumkwepa msambazaji, hapokei simu, ankara inalala kwenye trei. Msambazaji anaielewa kama adhabu. Mwingine humlegezea ili kumpoza, anapokea mzigo wenye kasoro bila kuuandikia. Yote mawili ni makosa, na hapa nasema kwa ukali: haki ya mtu usiicheleweshe, na usimpe isiyo yake. Ankara yake niliipitisha tarehe yake ileile. Kikao kilichofuata nilianza na maboksi yaliyofika yamelowa, kama ambavyo ningeanza siku yoyote. Wiki ya kwanza alikuwa mkavu, anajibu kwa neno moja. Alipoona malipo yameingia, akarudi kuzungumza.

Akileta tena, safari hii nyumbani au kupitia mwenzi wako, huyo ameshakusikia na ameamua kukujaribu. Usimpigie yeye. Mwombe bosi wako azungumze na mkuu wake, nawe ujitoe kwenye tathmini ya mkataba huo mpaka jambo liishe.