Neno la kwanza kwenye orodha si lazima liwe lako

"Wakuu, nimeandika 'Shangazi anapjka mafuta ya nazi'. Kikagua tahajia kinanipa anapaka, anapika na anapoka. Nichague lipi?"

Habari ndugu. Anza na maana: kupoka ni kunyang'anya, liondoe. Mawili yaliyobaki yote yanakubali mafuta, na kompyuta haiwezi kukuamulia, kwa sababu kila moja linatofautiana na kosa lako kwa herufi moja tu.

Sasa tazama kibodi. Herufi j iko chini ya u na i, wakati a iko mbali, upande wa mkono wa kushoto. Kidole kilichoteleza kilikuwa kinaitafuta i, kwa hiyo nakisia anapika. Thibitisha kwa sentensi inayofuata: ukitaja sufuria na moto, ni hilo, ukitaja nywele, ni anapaka.

Mimi niliwahi kubofya la kwanza kwa haraka, barua ikaenda na "kupaka chakula". Tangu hapo nasoma sentensi nzima upya baada ya kubofya.

Na kama orodha haina neno lako, usichague la karibu. Vitenzi vyetu hubeba viambishi vingi, na kamusi ya kikagua huenda haina umbo lako. Andika upya kwa mkono.