Maswali na majibu: video ya wiki ya kwanza kwa aliyesilimu Kigoma

Ustadhi, sisi vijana wa msikiti hapa Ujiji tunaandaa video ya kumwongoza mtu aliyesilimu katika wiki yake ya kwanza. Tumeandika mada ishirini na mbili. Tuanze na ipi, tuache ipi?

Wanangu, acheni ishirini na moja. Iwe video ya swala. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimpangia utaratibu: awaite watu kwenye shahada kwanza, wakikubali awafahamishe swala tano, wakikubali hilo ndipo awaeleze zaka. Alikuwa anampeleka kwa watu wazima wenye akili zao, na bado hakumwambia awamwagie kila kitu siku moja.

Kwa hiyo zaka, hija, mirathi, hitilafu za madhehebu na nyiradi zote zisubiri. Funga nayo isubiri, isipokuwa mtu amesilimu ndani ya Ramadhani. Huyo mwambieni aanze kufunga kesho yake, na siku zilizopita hadaiwi. Mwambieni pia, kwa sentensi moja, kwamba pombe na nguruwe sasa basi. Swala za miaka ya nyuma halipi hata moja. Hilo litamkeni waziwazi mwanzoni mwa video, kwa sababu wengi hukaa na hofu hiyo moyoni na hawaulizi.

Mtu hajui hata aya moja ya Alhamdu. Siku ya kwanza ataswali vipi? Au asubiri mpaka ajifunze?

Asisubiri. Hapa ndipo video nyingi hukosea: zinamwonyesha swala kamili yenye maneno yote ya Kiarabu, naye anahitimisha kwamba hajawa tayari. Wiki inapita, mwezi unapita, bado "anajifunza".

Tumchukue mtu aliyetamka shahada msikitini Ijumaa, saa nane na robo mchana, watu wakiwa wamekwisha kuswali Ijumaa. Swala yake ya kwanza ni ipi? Wengi watajibu alasiri. Hapana. Wakati wa adhuhuri bado upo, na yeye sasa ni Muislamu, basi adhuhuri ya leo inamhusu, rakaa nne. Aende akaoge kwanza: atie nia na maji yafike mwili mzima mpaka kwenye mizizi ya nywele. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu huku, kuoga huko ni wajibu kwa aliyewahi kupatwa na janaba, na ni sunna kwa ambaye hajawahi. Mtu mzima ni vigumu kukosa, basi video imwambie aoge tu, bila kumhoji mambo yake. Kisha atie udhu, avae nguo safi ya kusitiri, asimame.

Akisimama aseme "Allahu akbar". Pale mahali pa Alhamdu, kama hajui Qur'ani yoyote, atamtaja Mwenyezi Mungu. Yupo mtu aliyemjia Mtume akasema hawezi kushika chochote katika Qur'ani, naye akamfundisha aseme: *Subhaanallah, walhamdulillah, wa laa ilaaha illallah, wallahu akbar, wa laa haula wa laa quwwata illa billah.* Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud. Ayarudie kwa kadiri ya urefu wa Alhamdu. Na ikiwa hata hayo hayajakaa mdomoni, asimame kimya kiasi hicho, kisha arukuu. Kwenye rukuu na sujuda atulie mpaka viungo vitue. Tasbihi zake ni sunna, zitakuja. Kwenye kikao cha mwisho anaruhusiwa kusoma tahiyatu na kumswalia Mtume kwa Kiswahili mpaka Kiarabu kishike. Ruhusa hiyo haiihusu Alhamdu, ambayo haisomwi kwa tafsiri ndani ya swala. Amalize kwa salamu.

Maneno ya video yawe hivi: *"Ndugu yangu, leo utaswali. Hujui Alhamdu, na swala yako ya leo ni sahihi. Simama nami."* Kisha mwonyesheni rakaa moja nzima, polepole, bila muziki na bila maelezo ya juu juu.

Alhamdu yenyewe ina aya saba tukihesabu Bismillahi, na wiki ina siku saba. Msimpangie aya moja kila siku, kwa kuwa aya hazilingani. Siku ya kwanza mpeni mbili, Bismillahi na ile inayofuata, maana watu wa mji huu huzisikia tangu utotoni hata wasipokuwa Waislamu. Siku nne zinazofuata mpeni moja moja. Aya ya saba ni ndefu na ina herufi nzito, iachieni siku mbili za mwisho. Kila aya anayoipata aiingize kwenye swala siku ileile, na pengo lililobaki alijaze kwa dhikri. Kufika Alhamisi ataiona swala yake imebadilika kabisa.

Msiandike aya hizo kwa herufi za Kiswahili kwenye skrini mkaishia hapo. Herufi ya aini katika "na'budu" haiandikiki kwa herufi zetu, inasikiwa. Mwalimu asome mara tatu, aache kimya cha kutosha mtu arudie.

Nimesilimu mwezi huu, nipo Mwanga hapa Kigoma mjini, naswali nyumbani kwa sababu ya watoto. Nafuata adhana ya redio ya Dar es Salaam. Inafaa?

Haifai, dada yangu, na vijana wa video naomba wasome jibu hili. Saa ya ukutani ya Dar na ya Kigoma ni moja, lakini jua si la saa moja. Sisi tuko magharibi ya nchi, na jua hutufikia kama dakika 38 baada ya kufika kwao. Adhuhuri ya Dar huingia kati ya saa sita na dakika chache na saa sita na nusu na kidogo, kutegemea mwezi. Yetu huanzia saa saba kasoro robo hadi saa saba na robo. Ukiswali magharibi kwa adhana ya Dar, jua la Kigoma bado linaonekana juu ya ziwa. Swala iliyotangulia wakati wake haisihi, inarudiwa kwa wakati. Hizo ulizokwisha kuziswali kwa redio, mweleze ustadhi wa msikiti wa jirani akupangie namna ya kuzilipa taratibu, usilemewe.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Ng'ambo ya ziwa kuna milima ya Kongo, na jua likizama nyuma ya milima halijachwa bado. Kwa hiyo usitazame jua pekee ukaharakisha magharibi, wala kufuturu. Ngoja giza lipande upande wa mashariki, au fuata adhana ya msikiti wako. Ukitumia ratiba ya simu, hakikisha mahali pameandikwa Kigoma. Simu nyingi zinazonunuliwa Dar hubaki na ratiba ya Dar, na mwenyewe hajui.

Kibla nacho kina tofauti. Dar wanaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Kigoma tunaelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki, kama digrii 20. Simama ziwa likiwa kushoto kwako, kisha geuza bega kidogo upande wa kulia. Utakuwa sawa mpaka mtu wa msikiti aje akuwekee alama ukutani.

Sehemu ya udhu tumeshaipiga picha, lakini tuliowaonyesha wanaanza na mkono wa kushoto. Kosa liko wapi?

Nadhani kosa ni mahali kamera iliposimama. Mwalimu akiitazama kamera, mkono wake wa kulia unaonekana upande wa kushoto wa mtazamaji, naye anaiga anachokiona. Pigeni picha kutoka nyuma ya bega lake, kamera ione mikono kama yeye mwenyewe anavyoiona.

Halafu ondoeni bomba. Huyu mtu yuko nyumbani, pengine maji yake ya ndoo. Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, chini ya lita moja. Tumieni chupa ya lita moja mbele ya macho yake, na mwisho mwonyesheni maji yaliyobaki.

Yaliyo lazima ni machache: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata mpangilio huo. Kusukutua na kupandisha maji puani muonyesheni, ila mwambieni ni sunna. Ili kujua kama ameelewa, mwacheni atie udhu bila video siku ya tatu, mkamtazame kisigino na kiwiko. Vikiwa vikavu, sehemu hiyo ya video irudieni. Msimlaumu yeye.

Je, ni lazima nibadilishe jina? Na tohara?

Jina si lazima, kama halina maana mbaya kidini. Masahaba wengi walibaki na majina waliyopewa na wazazi wao. Tohara si sharti la kusihi kwa Uislamu wako, na haina nafasi katika wiki ya kwanza. Ukifika wakati wake, utaenda hospitali kwa utulivu.

Mimi ni kijana wa Kasulu, nimesilimu, wazazi wangu ni Wakristo na naishi nao. Video mnazotuma haziongelei nyumbani. Nikae nao vipi?

Kaa nao vizuri kuliko ulivyokuwa ukikaa. Qur'ani, sura ya Luqman aya ya 15, inasema hata wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu, usiwatii katika hilo, na bado ukae nao duniani kwa wema. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake ambaye hakuwa Muislamu, akamuuliza Mtume kama aunge naye udugu, akaambiwa aunge.

Sasa mambo ya jikoni, ambayo ndiyo huleta maneno. Mama akipika ugali wa muhogo na migebuka au dagaa, kula, mwanangu, ule kwa furaha. Samaki hahitaji kuchinjwa, na sufuria la mama likishaoshwa halina tatizo. Kukiwa na kitimoto, mwambie mapema, kabla hajapakua, kwamba wewe utakula mboga. Ukikataa sahani ikiwa mezani, unamuumiza.

Swala usizifanye kwa siri wala kwa maonyesho. Mwambie baba mara moja, kwa adabu, nyakati zako ni zipi, umwombe kona. Na nyinyi vijana wa Ujiji, dakika moja ya video yenu iende hapa. Mwekeni kijana kwenye kiti, aseme maneno anayoweza kuyarudia kwake jioni ileile: *"Baba, nimesilimu. Mimi bado ni mtoto wako. Naomba kona ya kuswalia, na kazi zangu za nyumbani nitazifanya kama kawaida."*