Bei mpya za madaftari

"Januari hiyo inakuja, sapulaya nikimuuliza bei mpya anasema njoo tu dukani, nifanyeje?"

Mambo mkuu. Mtumie watsapu orodha ya ulichonunua kwake mwaka jana, ajaze pembeni bei mpya, kipi kimebadilika, kipi hakiji tena, na bei hizo mwisho lini. Ikirudi anza kucheki idadi ndani ya katoni, mi kaunta buku niliona katoni ileile elfu 60 nikafurahi, kumbe pisi zimetoka 24 mpaka 20, yaani moja imetoka 2,500 mpaka 3,000 na mi nauza 2,800 wiki nzima! Kisichokuja tena muulize stoo zimebaki ngapi, kama wateja wako wanakipenda lipia mapema.