Usigawanye kwa kilele kabla hujaangalia urefu wake (difraksheni ya mwanya mmoja kwa fft)

*"Wakuu, nahesabu difraksheni ya mwanya mmoja kwa numpy. Leza 632.8 nm, mwanya milimita 0.1, skrini iko mita 2, hatua ya gridi mikroni 1. Mwanya nimeuandika `t = abs(x) <= a/2`. Karibu na katikati fft inakaa juu ya fomula ya sinc vizuri kabisa, ila nikienda mbali mistari myeusi inaanza kuachana. Nimeshauriwa nigawanye kila grafu kwa kilele chake halafu nizidishe mhimili wa x kwa 1.01, kweli inalala sawa. Niendelee hivyo? Na kwa mianya miwili nafanyaje, na grafu hizi mnachoraga vipi zipendeze?"*

Acha hapo hapo mkuu, usiendelee. Futa hiyo 1.01 sasa hivi kabla hujaisahau ndani ya skripti, maana mimi niliwahi kufuata ushauri huo huo neno kwa neno na namba zilizotoka zikaingia kwenye ripoti nzima.

Shida yako haiko kwenye mhimili, iko kwenye hiyo `<=`. Hesabu mwenyewe: gridi yako ina pointi kila mikroni 1, na mwanya unaanzia mikroni -50 mpaka +50. Ukizijumlisha pointi zote zenye 1, pamoja na ile ya sifuri katikati, ni 101 na siyo 100. Kwenye fft kila pointi inabeba upana wa hatua moja, kwa hiyo umeipa mwanya wa mikroni 101 huku fomula ukiipa 100. Mwanya mpana unatoa mistari iliyobanana zaidi, basi ndo hicho unachokiona. Mstari mweusi wa kwanza kwa fomula uko λL/a, yaani milimita 12.66, na wa fft yako uko milimita 12.53, tofauti ambayo kwa macho huioni kabisa. Ila inakua kila unapohesabu mstari: kwenye wa kumi fomula inasema 126.6 na fft inasema 125.3, na hapo ndo watu wanaanza kusema "ooh fft ina makosa ya mbali". Haina, imekuhesabia kwa usahihi kabisa mwanya ambao hukuutaka.

Sasa kilichoniumiza ni hiki. Noti za maabara tulizopewa ziliandika wazi kabisa kwamba gawanya kila grafu kwa kilele chake kisha rekebisha mhimili mpaka zilingane, kama vile ni hatua ya kawaida tu ya kazi. Aliyeandika vile sijui kama aliwahi kuijaribu kwenye mwanya wa pili! Kwa sababu hiyo 1.01 siyo sifa ya leza wala ya skrini wala ya fft, ni 101 kugawanya kwa 100 basi. Ukija na mwanya wa mikroni 50 utakuwa na pointi 51 na kosa linakuwa asilimia 2, ukija na wa mikroni 20 una pointi 21 na kosa ni asilimia 5. Mimi nilitoa kizidisho kwenye mwanya mpana nikakitumia kukadiria myembamba kutoka kwenye picha za kamera, na kadiri mwanya unavyokuwa mwembamba ndivyo jibu lilivyozidi kuharibika, na grafu zote zinapendeza, hakuna hata moja iliyopiga kelele. Kazi yote ikarudiwa. Bado nina hasira na zile noti, maana zinamfundisha mtu kufuta ushahidi halafu atafute kosa.

Ushahidi wenyewe ni urefu wa kilele. Transfomu ya Furie pale kwenye frikwensi sifuri ni jumla ya mwanya wote, kwa hiyo ukizidisha fft kwa `dx` lazima katikati upate upana wa mwanya kwa mita. Siyo karibu na hapo, ni hapo hapo. Kwa mwanya wako inatakiwa isome 1e-4, na kwa hiyo skripti yako itasoma 1.01e-4. Kosa lako limeandikwa pale kwa namba, ila ukigawanya kwa kilele umelifuta, zote mbili zinakuwa 1 na huna tena pa kushika.

Andika hivi, mwanya uhesabiwe kwa idadi ya pointi na siyo kwa kulinganisha desimali (desimali nazo zinazungushwa, kuna gridi pointi ya pembeni itaingia na nyingine itatoka bila taarifa):

```python
import numpy as np
N, dx, n = 4096, 1e-6, 100
lam, L = 632.8e-9, 2.0
a = n*dx
t = np.zeros(N)
t[N//2 - n//2 : N//2 + n//2] = 1
f = np.fft.fftshift(np.fft.fftfreq(N, dx))
U = dx*np.fft.fftshift(np.fft.fft(t))
A = a*np.sinc(a*f)
x = lam*L*f
print(abs(U).max(), a)
```

Utaona pointi 100 haziwezi kukaa sawasawa pande zote mbili za sifuri, zimesogea nusu hatua. Usihangaike nayo, kusogea kunabadilisha fezi tu na wewe unachora `abs(U)**2`. Mhimili umetoka kwa `fftfreq` na `dx`, haugusiki tena baada ya hapo, ukijisikia hamu ya kuuvuta ujue kuna kitu juu yake hakiko sawa.

Baada ya urefu angalia mstari mweusi wa kwanza, maana kuna kosa moja urefu hauoni: `np.sinc` tayari ina π ndani yake. Ukiandika `np.sinc(np.pi*a*f)` katikati patakuwa sawa kabisa ila mstari wa kwanza wa fomula utahamia milimita 4.03. Kwenye gridi hii pikseli moja ya skrini ni milimita 0.31, kwa hiyo kama unataka kuusoma mstari vizuri ongeza `N` iwe 65536 na `dx` ibaki ile ile, hatua inashuka mpaka kama milimita 0.019. Unaongeza sifuri pembeni tu, mwanya hauguswi.

Na ukishasahihisha yote haya bado utaona vilele vidogo vya mbali, pale karibu na mstari wa kumi, fft iko juu ya fomula kwa asilimia 3 hadi 4. Hapo usirudi kwenye vizidisho tafadhali! Hiyo ni kwa sababu sampuli zina hatua, siyo mwanya laini wa kwenye fomula, na mistari myeusi yenyewe haijasogea hata kidogo. Ujaribu hivi: weka `dx = 0.5e-6`, `n = 200`, na `N` uizidishe mara mbili. Tofauti itashuka chini ya asilimia 1, yaani robo ya ilivyokuwa. Ikishuka hivyo ni sampuli, ikikataa kushuka ni kosa lako na uanze kulitafuta.

Endesha hiyo `print` kwanza, uweke namba zote mbili hapa kabla hujaweka grafu yoyote.