Kosa linalosomeka vizuri: kusahihisha maandishi ya mashine kutoka kwenye rekodi za Pemba

Anayeanza kazi ya unukuzi kwa kutumia huduma ya utambuzi wa sauti hudhani kuwa kazi yake ni kuwinda maneno yaliyoharibika, yale ambayo ukiyaona tu unajua kuwa si Kiswahili. Hayo ndiyo mepesi, na mashine za siku hizi hazitoi mengi. Yanayotushinda ni makosa yaliyovaa Kiswahili fasaha, ambayo macho huyapita bila ya kukwama popote. Nitaeleza namna ya kuyakamata kwa kutumia kipande kimoja cha mahojiano na mzee mmoja mchumaji wa karafuu, yaliyorekodiwa kwa simu barazani kwake, upande wa Wete.

Kabla ya yote, itayarisheni sauti. Ikiwa simu imetoa faili la aina ambayo huduma hailipokei, amri hii inatosha, kwa kuwa mifumo mingi ya utambuzi, Whisper ukiwa mmojawao, hufanya kazi kwa sauti ya mkondo mmoja yenye sampuli 16,000 kwa sekunde:

```
ffmpeg -i mzee.m4a -ar 16000 -ac 1 mzee.wav
```

Amri hii haiiboreshi sauti mbovu. Simu iliyowekwa mbali na mdomo, chini ya paa la bati na mvua inanyesha, haina dawa baada ya kurekodi. Chagueni pia lugha wenyewe, wala msiiachie mashine ikisie, kwa sababu mahojiano yakianza kwa salamu ndefu za Kiarabu huweza kuamua kuwa yote ni Kiarabu.

Sasa tuje kwenye kipande chenyewe, kinachohusu makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Mzee alisema hivi: «Makonyo hatukuyauza mwaka ule, tuliyaanika tu juu ya majamvi, sheha wa shehia yetu akaja akatwambia tusubiri.» Mashine ikaandika: «Makonyo tukayauza mwaka ule, tuliyaanika tu juu ya majani, sheria wa sheria yetu akaja akatuambia tusubiri.» Yasomeni yote mawili kwa sauti, mtaona kuwa la pili halina neno hata moja ambalo halimo kwenye kamusi.

Kosa la «sheria wa sheria» limejifichua lenyewe, na lililolifichua ni ngeli. Sheria huchukua «ya», hivyo hiyo «wa» inatwambia kuwa neno la mwanzo lilikuwa la mtu. Mashine imeisikia «wa» sawasawa ila imebadilisha jina, kwa sababu «sheria» ni neno lililojaa katika maandishi iliyofundishwa, na «sheha» na «shehia», yaani kiongozi wa eneo na eneo lenyewe, ni maneno ya visiwani kwetu ambayo imeyaona kwa nadra. Kwa hiyo kila mnapoona upatanisho umevunjika, msiusahihishe upatanisho. Rudini kwenye sauti mlisake jina. Mnukuzi mwenye haraka angeandika «sheria ya sheria yetu», na hapo angekuwa ameifuta alama ya pekee iliyokuwa ikimwonesha njia.

Pia msilisahihishe neno hilo kwa amri ya kubadilisha yote kwa pamoja. Mimi nilifanya hivyo katika mojawapo ya kazi zangu za mwanzo, nikakabidhi maandishi ambamo mzungumzaji alilalamikia «shehia ya ardhi» mara tatu, ilhali yeye alikuwa anazungumzia sheria hasa. Badilisheni moja moja, sauti ikiwa masikioni.

«Majani» badala ya «majamvi» ni kosa gumu zaidi, kwa kuwa maneno yote mawili yamo katika ngeli moja na hakuna kiungo kitakacholalamika. Hapa kinachosaidia ni kuijua kazi inayozungumzwa: karafuu na makonyo yake huanikwa juani juu ya majamvi. Asiyelijua shamba la karafuu na amwulize anayelijua kabla ya kuanza, aandike orodha fupi ya maneno yake, kama vile makonyo, mpeta, pishi na jamvi, kisha aiweke pembeni. Baadhi ya huduma zinaruhusu kuipa mashine orodha hiyo kabla ya kazi. Katika Whisper hupitishwa kwa `--initial_prompt`, lakini jueni kuwa mfumo huo hukata sauti katika madirisha ya sekunde 30, na maneno ya mwongozo yaliyotolewa mwanzoni hayafiki kwa uhakika kwenye madirisha ya mbele.

Lililo hatari kuliko yote ni «tukayauza». Mzee amekanusha, mashine imekubali kwa niaba yake. Sababu yake inasikika mkirudia kipande hicho polepole: «makonyo» inaishia kwa irabu, «ha» inayofuata ni nyepesi na imemezwa, na «ku» iliyotamkwa upesi haiko mbali na «ka». Ndivyo inavyotokea pia kwa «hajalipwa» na kwa «si» ambayo hugeuka «ni». Silabi moja inapotea, na ushahidi wa mtu unapinduka. Katika kipande hiki kuna kidokezo, kwa kuwa aliyekwisha kuuza hana cha kuambiwa asubiri, lakini mara nyingi kidokezo hakipo.

Ndiyo maana kwa vitenzi nina utaratibu ambao siuachi. Naficha maandishi, nasikiliza sentensi moja nikianzia neno moja kabla yake, nasema kwa mdomo nilichokisikia, ndipo nafunua. Anayesoma huku anasikiliza huongozwa na macho, na sikio litamthibitishia kila kilichoandikwa. Kwenye programu ya kuchezea sauti ya VLC kitufe cha `[` hupunguza mwendo kidogo kidogo na `=` huurudisha wa kawaida. Mkishuka chini ya robo tatu ya mwendo, silabi huanza kuvutika na «ha» huzidi kupotea badala ya kusikika. Kwangu mimi, saa moja ya mzungumzaji wa namna hii hula saa nne au tano, na sijapata njia ya mkato.

Angalieni vilevile mahali palipo kimya. Mzee alinyamaza adhana ilipoanza, na hapo mashine ikaandika «Asante kwa kutazama», maneno ambayo hakuna aliyeyatamka. Mifumo iliyofundishwa kwa manukuu ya video hujaza ukimya kwa kauli za namna hiyo, au hurudia sentensi iliyopita mara kadhaa. Linganisheni saa iliyo kando ya mstari na sauti, kisha futeni.

Limebaki suala la lahaja. Katika kipande chetu mashine imeifanya «akatwambia» kuwa «akatuambia» bila ya kuulizwa, na kwa njia hiyo hiyo huweza kugeuza «hichi» kuwa «hiki», au «skuli» kuwa «shule». Kwa ripoti ya mkutano hilo linaweza kupita. Kwa masimulizi ya wazee halipiti, hivyo mwulizeni mwenye kazi kabla hamjaanza ni lipi analolitaka, na jibu lake liwe la maandishi. Kwa maoni yangu, rudisheni alivyosema mtu, maana atakayetaka usanifu ataupata baadaye, na aliyetaka Kipemba hatakipata tena kikishafutwa.

Mwishoni mwa rekodi hiyo palikuwa na jina la shamba ambalo sikulisikia hata baada ya kurudia mara kumi, kwa kuwa jogoo aliwika juu yake. Mashine ilikuwa imeandika jina zuri kabisa, lenye herufi kubwa mwanzoni. Nililitoa nikaweka [haisikiki 41:07], nikampelekea aliyehoji dakika ile peke yake amsikilizishe mzee.