Jilipe mshahara kwanza, halafu ndiyo uje uniambie faida ni kiasi gani

"Nina duka la hadiwea, mwaka wa sita sasa. Sijawahi kujilipa, faida yote narudisha kwenye mzigo. Nataka kuliuza mwakani. Nimeambiwa nizidishe faida ya mwaka mara 3 kisha nijumlishe mzigo. Je, niendelee kurudisha faida au nianze kuitoa? Na hiyo bei iko sawa?"

Mkuu, simamisha hiyo hesabu kabla hujamtajia mtu bei. Mimi nililiuza la kwangu kwa kanuni hiyohiyo, na aliyenipa ni mshauri niliyemlipa kwa fedha yangu. Alikuwa na kauli moja tu, "usiguse faida, izungushe". Hakuniuliza hata siku moja nani anakaa kaunta na analipwa shilingi ngapi. Hadi leo nikikumbuka nakasirika.

Duka langu liliuza kama milioni 40 kwa mwezi. Hadiwea ni biashara ya faida nyembamba, na kwangu ilibaki kama shilingi 15 juu ya bei ya kununulia kwa kila shilingi 100 ya mauzo, yaani milioni 6. Toa kodi ya fremu, vijana, umeme na leseni, milioni 2.2, inabaki milioni 3.8. Hiyo ndiyo tuliyoiita faida. Mshauri akapiga hesabu ya miezi 12, akazidisha mara 3, akajumlisha mzigo wa milioni 60, akaniandikia karibu milioni 197.

Mnunuzi alikuja na mhasibu wake. Swali la kwanza: wewe ukiondoka, nani ataagiza mzigo, nani atabishana na mafundi wanaotaka kukopa? Meneja wa kazi hiyo ni milioni 1 kwa mwezi. Mke wangu aliyekuwa anashika fedha, mtu wa kuziba nafasi yake ni laki 4. Milioni 3.8 ikawa milioni 2.4, na hiyo ndiyo faida ya duka. Ile nyingine ilikuwa jasho letu wawili, na jasho letu hatukuwa tunaliuza. Kwa mwaka ni milioni 28.8. Yeye alitaka fedha yake irudi ndani ya miaka miwili hadi mitatu, kwa hiyo bei yake ilikuwa kati ya milioni 58 na 86, *mzigo ukiwa humohumo*. Mzigo ndio unaoizaa hiyo faida, huwezi kuuziwa ng'ombe kisha ukatozwa tena maziwa yake.

Kilichoniumiza zaidi ni huo mzigo wenyewe. Miaka miwili ya mwisho niliongeza wa milioni 30, kwa sababu vitabu vilionyesha faida nono na mshauri alikuwa anasukuma. Mauzo yalipanda kutoka milioni 37 hadi 40 tu kwa mwezi. Asilimia 15 ya hiyo milioni 3 ni laki 4 na nusu. Toa kijana niliyemwongeza wa laki 2 na nusu, inabaki laki 2. Kwa mwaka ni milioni 2.4 juu ya milioni 30, yaani asilimia 8. Hati fungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, na hazihitaji uamke saa 12 kufungua geti. Siku ya kuhesabu, vigae vya mtindo uliopitwa, rangi zilizokaa na saruji iliyoanza kuganda vilifika milioni 18, na mhasibu hakuvipa thamani yoyote. Tulimalizana kwa milioni 65.

Kwa hiyo anza mwezi huu. Andika mshahara wako na wa kila ndugu anayesaidia bure, kwa kiwango ambacho ungemlipa mgeni, na uuchukue kweli, usiishie kwenye daftari. Zile unazochota droo kwa ajili ya ada na unga zihesabiwe humo. Kinachobaki ndiyo faida. Kisha chukua mzigo ulioongeza mwaka jana, uangalie uliongeza faida kiasi gani *baada ya mishahara hiyo*. Kama ni chini ya ambacho fedha hiyo ingekupa nje ya duka, acha kurudisha, itoe. Kama saruji na nondo zinaisha kabla gari jingine halijafika na wateja wanageukia jirani, hapo rudisha, lakini kwa bidhaa hizo tu.

Mnunuzi atataka vitabu vya angalau mwaka mzima vyenye mshahara ndani, ndiyo maana nasema mwezi huu. Usipokuwa navyo atakukadiria yeye, na atakadiria kwa faida yake. Mzigo uliolala zaidi ya miezi sita upunguzie bei uondoke sasa, maana siku ya kuuziana haulipwi. Na mkataba wa fremu uongee na mwenye nyumba mapema, kwa sababu akikataa kumpa mnunuzi fremu hiyo, unabaki kuuza mzigo na rafu.

Leta hapa mauzo yako ya mwezi, matumizi, na nani wanafanya kazi bila kulipwa, nikupigie hesabu.